Mimba Sita, Kujifungua Mara Tatu: Jinsi ya Kusoma Hesabu ya Kadi ya Kliniki

Kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito, kabla ya kufikia safu za uzito, presha na wingi wa damu, kuna herufi na tarakimu chache ambazo mama huziona kila anapokwenda kupimwa, na mara nyingi hakuna anayemsomea. Zimeandikwa kwa kalamu, pengine kwa haraka, kwa sababu foleni ni ndefu: G6 P3+2 L3. Mkunga akizitupia jicho anajua mama huyu amebeba mimba ngapi, amejifungua mara ngapi, ngapi zimeharibika na watoto wangapi wako hai. Mama mwenyewe, ambaye historia ni yake, huenda asijue kwamba ndiye anayezungumziwa hapo.

Herufi zenyewe si nyingi. G ni gravida, yaani idadi ya mimba zote ambazo mwanamke amewahi kubeba, pamoja na hii aliyo nayo sasa. P ni para, yaani idadi ya mara alizojifungua mimba iliyofikia umri wa mtoto kuweza kuishi nje ya tumbo. Tarakimu inayofuata alama ya kujumlisha ni mimba zilizotoka kabla ya umri huo. L ni watoto walio hai leo. Kenya na Uganda wengi huishia kwenye para na kuandika "Para 3+2" tu, na Tanzania ni kawaida kuiongeza ile L mwishoni. Anayezijua herufi hizi atasoma kadi ya Bukoba, ya Kisumu au ya Mombasa bila shida.

Ugumu unaanza pale mtu anapodhani kwamba para ni hesabu ya watoto. Sivyo. Para ni hesabu ya mara. Inauliza ni mara ngapi kizazi cha mama huyu kimebeba mimba hadi umri wa kutosha kisha kikaitoa. Haiulizi waliotoka ni wangapi, wala kama walikuwa hai au wafu. Mapacha, mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa mfu vyote vinaonekana vigumu mpaka mtu ashike jambo hili moja, na akishalishika kila kimoja hukaa mahali pake.

Umri unaotenganisha kuharibika kwa mimba na kujifungua, katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, ni wiki 28. Wiki hizo huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba iliyotimia ina wiki 40, yaani siku 280. Mimba iliyotoka wiki ya 10 inaingia upande wa kujumlisha. Iliyotoka wiki ya 27, mtoto akiwa hana dalili yoyote ya uhai, nayo inaingia huko huko, ingawa mama aliumwa uchungu, akasukuma, akamwona mtoto wake na kumzika. Iliyotoka wiki ya 29 inaingia kwenye para, hata kama mtoto alizaliwa mfu. Wiki mbili tu zinaweza kuhamisha msiba kutoka safu moja kwenda nyingine, na mkunga mwenye utu hujua kwamba mgawanyo huu ni wa karatasi. Hausemi lolote kuhusu uzito wa alichopoteza mama.

Kuna hali moja inayovuka mpaka huo. Kwa tafsiri ya Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyetoka akapumua, au moyo wake ukapiga, au akaonyesha dalili nyingine ya uhai, amezaliwa hai, mimba iwe na umri wowote. Kwa hiyo mama aliyejifungua wiki ya 26, mtoto akalia na kuishi saa tatu kisha akafariki, hana mimba iliyoharibika. Amejifungua. Ikiwa ndiyo mimba yake pekee na sasa hana nyingine, ataandikwa G1 P1+0 L0. Ndiyo maana maswali "Alilia?" na "Alijitikisa?" yana uzito mkubwa kwenye chumba cha kliniki kuliko yanavyosikika.

Mama wengi, hata hivyo, hawahesabu kwa wiki. Atakwambia mimba ilikuwa ya miezi sita, au ya saba, na miezi hiyo huenda aliianzia siku alipohisi kichefuchefu au siku alipokosa hedhi. Hapo mkunga mzoefu hutafuta kiegemeo kingine. Huuliza kama mama alishaanza kusikia mtoto akicheza, na kwa muda gani. Huuliza kama ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada yake, kabla ya mavuno au baada yake. Kama mtoto alizaliwa kituoni na akapimwa, uzito husaidia: gramu 1,000 kwa kawaida hulinganishwa na wiki 28. Vyote vikikosekana, anaandika alichoambiwa na kuongeza kwamba tarehe hazina uhakika, badala ya kubuni wiki kamili ambazo kesho daktari atazichukua kama kweli.

Sasa mapacha. Mwanamke aliyebeba mimba moja tu, akazaa pacha wawili wakiwa hai kwenye wiki ya 38, baada ya kujifungua anaandikwa G1 P1+0 L2. Mimba moja, mara moja, watoto wawili. Akizaa pacha watatu, G na P zinabaki 1 na L inakuwa 3. Pacha mmoja akizaliwa hai na mwenzake mfu, bado ni P1, ila L ni 1. Kama pacha mmoja alikufa tumboni mapema na mwenzake akaendelea hadi akazaliwa salama, hakuna kinachoongezwa kwenye upande wa kujumlisha, kwa sababu mimba ilikuwa moja na iliishia kwenye kujifungua.

Hapa ndipo hata wenye ujuzi wao hawakubaliani. Mwaka 2007 jarida la uzazi la Uingereza, BJOG, lilichapisha utafiti uliowauliza wahudumu wa uzazi namna wanavyoandika para, na ikaonekana kwamba mapacha wanawachanganya: wapo waliowahesabu mara moja, wapo waliowahesabu mara mbili. Anayeandika 2 ana hoja yake, maana watoto wawili wamepita njia ya uzazi. Lakini hoja hiyo inaivunja kazi ya para. Mama mwenye mapacha mara mbili na mtoto mmoja wa peke yake ana watoto watano, ila kizazi chake kimebeba na kutoa mara tatu tu. Ukimwandika P5 umemtia kwenye kundi la waliozaa mara tano au zaidi, ambao wakunga huwachukulia tahadhari maalumu: kizazi chao huweza kulegea baada ya mtoto kutoka na damu ikavuja kwa wingi, mtoto huweza kulala vibaya tumboni, na dawa ya kuongeza uchungu inaweza kuwahatarisha kizazi kupasuka. Kumweka humo ambaye hahusiki kunaweza kumnyima kujifungulia kituo cha karibu bila sababu. Kwa hiyo kanuni inayofundishwa inabaki ile ile: para ni mara.

Ile ya mtoto mfu haina ubishi kwenye vitabu, bali kwenye mioyo. Mtoto aliyezaliwa mfu kwenye wiki ya 28 au zaidi anahesabiwa kwenye para sawasawa na aliyezaliwa analia. Mama aliyebeba mimba mbili, ya kwanza akamzaa mtoto mfu wiki ya 39, na sasa ana ya pili, ni G2 P1+0 L0. Mwanafunzi wa ukunga aliyezoea kuuliza "Una watoto wangapi?" atapata jibu "Sina," ataandika G1 P0, na mama huyu atahudumiwa kama mtu asiyewahi kupata mimba. Mwili wake unajua uchungu, na nyonga zake zimeshapitisha mtoto aliyetimia. La kuogopesha zaidi, sababu iliyomuua mtoto wa kwanza haijulikani, na huenda bado ipo.

Ili mambo haya yaonekane yakifanya kazi pamoja, tuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Tumwite Mama Kulwa, jina ambalo Usukumani na sehemu nyingi za Tanzania linatosha kumweleza msikilizaji kwamba ana mapacha, Kulwa na Doto. Ni mfano wa kubuni, ingawa hakuna tukio ndani yake ambalo mkunga wa wilayani hajakutana nalo.

Mimba yake ya kwanza ilitoka kwenye wiki ya 10, kabla ya kuolewa, na hajawahi kumwambia mtu. Ya pili ilimpa Kulwa na Doto kwenye wiki ya 36, wote wako hai. Ya tatu ilifika wiki ya 39, mtoto akazaliwa mfu nyumbani kwa mama mkwe. Ya nne ilitoka wiki ya 22, bila uchungu mkubwa, kama kitu kilichofunguka chenyewe. Ya tano ni binti aliyezaliwa wiki ya 40, ambaye sasa anatambaa. Ya sita ndiyo hii iliyomleta kliniki.

G yake ni 6, pamoja na ya sasa. Para tunaitafuta kwa kuuliza ni mimba zipi zilizofika wiki 28. Ni ya mapacha, ya mtoto mfu na ya binti, basi 3. Zilizotoka kabla ya hapo ni ya kwanza na ya nne, basi 2. Walio hai ni Kulwa, Doto na mdogo wao, basi 3. Kadi inasomeka G6 P3+2 L3.

Kuna njia rahisi ya kuhakiki. Jumlisha tarakimu mbili za para, halafu ongeza moja kwa ajili ya mimba iliyopo. Lazima upate G. Hapa 3 na 2 ni 5, ongeza 1, ni 6. Kama mama hana mimba kwa sasa, hakuna cha kuongeza, jumla ya para peke yake iwe sawa na G. Kadi inayosema G5 P3+2 kwa mwanamke aliye na tumbo la miezi sita imekosewa mahali, pengine aliyeandika ameisahau mimba iliyo mbele yake. L haiingii kwenye hesabu hii hata kidogo, kwa sababu inahesabu watu, na zile nyingine zinahesabu mimba.

Sasa tuseme siku ile kliniki ina wajawazito wengi na muuguzi ni mmoja. Anauliza, "Mama, una watoto wangapi?" Mama Kulwa anajibu bila uongo: "Watatu." Muuguzi anaandika P3, anaongeza mimba ya sasa, anapata G4, na kadi inatoka na G4 P3 L3. Tuihakiki: 3 na sifuri ni 3, ongeza 1, ni 4. Hesabu imekaa sawa. Hata P3 yenyewe ni sahihi!

Ni sahihi kwa bahati mbaya. Muuguzi amewahesabu mapacha mara mbili, akazidisha moja. Hakumhesabu mtoto aliyezaliwa mfu, akapunguza moja. Makosa mawili yamefutana, na karatasi haina alama yoyote ya kumshtua atakayesoma. Mimba mbili zilizoharibika zimetoweka pia, na hakuna hesabu ya kuhakiki inayoweza kuzirudisha, kwa kuwa ile hesabu hugundua tarakimu zisizopatana. Haiwezi kugundua kile ambacho hakikusemwa.

Kwa kadi hii ya pili, Mama Kulwa ni mwanamke mwenye afya, mara tatu kwenye uchungu na watoto watatu hai, wa kupimwa kawaida na kujifungulia zahanati. Kwa kadi ya kwanza, iliyoandikwa kwa ukamilifu, kuna mambo mawili ya kushughulikiwa mara moja.

La kwanza ni ile mimba ya wiki 22 iliyotoka karibu bila uchungu. Mimba inayotoka katikati ya safari kwa namna hiyo humfanya daktari ashuku kwamba mlango wa kizazi ni dhaifu, unafunguka kabla ya wakati uzito wa mtoto unapoongezeka. Mama Kulwa alibeba binti hadi wiki 40 baada ya hapo, jambo linalopunguza shaka bila kuiondoa. Mlango unaweza kupimwa urefu kwa ultrasaundi, na inapobidi hushonwa uzi, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa kwenye wiki ya 12 hadi ya 14. Habari hiyo ikijulikana wiki ya 24, wakati wa kushona kwa kujikinga umeshapita. Faida ya kuulizwa vizuri kwenye hudhurio la kwanza ipo hapo: baadhi ya majibu yana muda wake.

La pili ni mtoto aliyekufa akiwa ametimia. Mkunga atataka kujua kama mama alivimba uso na mikono au aliambiwa presha iko juu, kama aliwahi kupimwa kaswende na sukari, kama uchungu ulikaa siku nzima na usiku. Atataka kujua pia mtoto alionekanaje. Ngozi iliyokuwa nzima huashiria kwamba alikufa karibu na kuzaliwa, pengine ndani ya uchungu wenyewe, ambapo mhudumu mwenye ujuzi angeweza kufanya kitu. Ngozi iliyoanza kubambuka huashiria alikufa tumboni mapema zaidi, na hapo hutafutwa ugonjwa wa mama au tatizo la kondo. Vitabu vya kumbukumbu vya wodi za uzazi hutenganisha aina hizi mbili kwa sababu hiyo hiyo. Kwa vyovyote, mama mwenye historia kama hii hupangiwa kujifungulia hospitali penye damu na chumba cha upasuaji.

Lakini hata kadi sahihi ina upofu wake, na inafaa usemwe wazi. Tazama tena: G6 P3+2 L3. Asiyemjua Mama Kulwa ataona para 3 na walio hai 3, na atasema kwa haki kabisa kwamba kila alipojifungua alipata mtoto na hakuna aliyekufa. Mapacha wamelifunika kaburi la ndugu yao. Mtoto mmoja wa ziada upande mmoja, mtoto mmoja aliyepungua upande mwingine, na L imekuwa sawa na P. Herufi hazikudanganya, ila hazina nafasi ya kusema zaidi. Ndiyo sababu kuna jedwali la mimba zilizotangulia, mstari mmoja kwa kila mimba: mwaka, wiki, namna ya kujifungua, uzito wa mtoto, hai au mfu, na yupo wapi sasa. Kifupisho ni mlango wa kuingilia kwenye jedwali hilo. Kituo kinachojaza kifupisho na kuacha jedwali tupu kimefanya nusu ya kazi, na kwa Mama Kulwa ni nusu isiyo na faida. Wakunga waangalifu huandika neno "mapacha" pembeni ya tarakimu, neno moja tu, na kitendawili kinafumbuka.

Upofu mwingine ni kwamba tarakimu ya baada ya kujumlisha haisemi mimba ilitokaje. Iliyotoka yenyewe, iliyotolewa, iliyotunga nje ya kizazi, na ile wanayoiita mimba zabibu, zote huhesabiwa kwenye G na zote hukaa upande ule ule. Kwa matibabu hili lina hasara: mimba iliyotunga nje ya kizazi ikishatokea mara moja inaweza kurudi, na daktari anapaswa kujua mapema ili ahakikishe hii mpya iko ndani. Hiyo huandikwa kwa maneno. Kwa upande mwingine, ukimya huo una stara ndani yake. Mama anayeogopa kwamba kadi itasomwa na mume au wifi ajue kuwa "+1" haielezi kilichotokea, ilikuwa na nani wala kwa nini.

Na woga huo si mdogo. Mwenye kukaa mbele ya muuguzi huku mume yuko kiti cha pembeni, kama vituo vingi vinavyowahimiza waume waje, hawezi kuitaja mimba ya kabla ya ndoa. Kumuuliza swali hilo mbele ya mwingine ni kumtaka aseme uongo. Mkunga anayejua kazi yake hupata dakika za kubaki na mama peke yake, labda wakati wa kumpima tumbo, na huuliza kwa namna inayoruhusu jibu. Badala ya "Una watoto wangapi?" atasema, "Mama, hii ni mimba ya ngapi tangu uanze kupata mimba maishani? Hesabu zote, hata iliyotoka changa, hata ambayo mtoto hakuishi." Kisha atazifuata moja moja kwa mpangilio, akiuliza kila moja iliishaje, na kama ndani alikuwa mtoto mmoja au zaidi. Tarakimu ataziandika mwisho. Anayeanza na tarakimu hujikuta akiilazimisha historia iingie ndani yake.

Kuna jozi moja ya tarakimu inayostahili kutazamwa kando kwa sababu huwachanganya hata wanawake wenye elimu: G2 P0+1. Huyu ana mimba ya pili, ila hajawahi kujifungua. Kwenye uchungu atatazamwa kama mzazi wa mara ya kwanza, maana nyonga zake hazijapimwa na mtoto aliyetimia na uchungu wake unaweza kuwa mrefu. Anapoambiwa wodini kwamba "ni uzazi wa kwanza" wakati mwenyewe anajua amewahi kupoteza mimba, hajapuuzwa. Wanasoma P.

Mambo hubadilika tena mama anapovuka mipaka. Uingereza nayo ilitumia wiki 28 hadi mwaka 1992, sheria ilipoishusha hadi wiki 24. Mimba iliyotoka wiki ya 25 bila uhai, ambayo Dodoma huandikwa upande wa kujumlisha, London inahesabiwa kuwa mtoto aliyezaliwa mfu na inaingia kwenye para. Marekani mstari uko wiki ya 20, na para yenyewe imepasuliwa vipande vinne vinavyoandikwa kwa mpangilio: T ni mara alizojifungua mimba iliyotimia, kuanzia wiki 37; P ni mara alizojifungua kabla ya kutimia, kuanzia wiki 20 hadi kabla ya 37; A ni mimba zilizotoka kabla ya wiki 20; L ni walio hai.

Tumpeleke Mama Kulwa Marekani, kama walivyohamia Watanzania na Wakongo wengi. Mtoto aliyezaliwa mfu wiki ya 39 na binti wa wiki ya 40 wanampa T2. Mapacha wa wiki ya 36 ni mara moja kabla ya kutimia, na ile mimba ya wiki 22, ambayo nyumbani ilikuwa imeharibika, sasa inaungana nao: P2. Inabaki ile ya wiki ya 10 peke yake: A1. Walio hai ni wale wale: L3. Daktari wa huko ataandika:

```
G6 T2 P2 A1 L3
```

Mbili, mbili na moja ni tano, na iliyopo ni ya sita. Mwanamke ni yule yule na mimba ni zile zile, ila idadi ya kujifungua imepanda kutoka tatu hadi nne. Akionyesha kadi yake ya Mwanza yenye P3+2, na daktari akadhani ile P ni sawa na P ya kwake, atasoma kwamba amezaa njiti mara tatu. Mama aliye ugenini afadhali asitegemee herufi. Awe na orodha ya mimba zake kwa wiki na miaka, naye daktari ataziandika kwa utaratibu wa kwao.

Siku Mama Kulwa atakapojifungua mtoto hai wa mimba hii ya sita, mtoto mmoja, G haitaguswa, kwa sababu mimba ilishahesabiwa tangu siku ya kwanza kliniki. Para itapanda na L itapanda: G6 P4+2 L4. Kwenye wodi nyingi mkanganyiko huzaliwa saa hiyo hiyo, maana aliyempokea aliandika P3 kwenye chati ya uchungu na aliyemruhusu kwenda nyumbani anaandika P4, na msomaji wa baadaye hajui ipi ilikuwa ya kabla na ipi ya baada. Saa na tarehe pembeni ya tarakimu humaliza tatizo. Akirudi miaka miwili baadaye na mimba nyingine, kazi itaanzia hapo: G7 P4+2, na L kadiri watoto watakavyokuwa hai siku hiyo. Mkunga mpya atamwomba aisimulie yote upya, kuanzia ile ya wiki ya 10, na ana haki ya kumwomba.